Nakshi ya mkono kwenye shingo ya blauzi: mshono unaoshika na mshono unaovuta

"Shikamoo Mwalimu. Ninashona blauzi za poplini zenye shingo ya duara na ninazidarizi kwa mkono. Hukata shingo kwanza, kisha hukaza kitambaa kwenye ringi na kupiga mshono wa mnyororo kuzunguka shingo, na chini yake majani madogo ya kujaza. Nikitoa ringi, shingo ya mbele imelegea: kwenye pateni ni sentimita 34, nikipima naikuta karibu 37, na mteja akivaa inasimama mbali na kifua. Blauzi ya pili nilikaza uzi sana ili isilegee, ikakunjamana. Wenzangu wananiambia nibandike kitambaa kigumu cha gundi. Je, upo mshono wa mkono unaoweza kuishika shingo na kuipamba kwa wakati mmoja bila kuharibu kitambaa?"

Marahaba. Mshono huo upo. Ni ule wa kulaza uzi mnene juu ya kitambaa na kuubana kwa vishono vidogo vya uzi mwembamba, na nitaueleza kwa vipimo vya shingo yako hiyo hiyo ya sentimita 34. Lakini hakuna mshono utakaoiokoa shingo ambayo tayari imeharibiwa na utaratibu wa kazi, na kwa maelezo yako, blauzi ya kwanza iliharibika kabla hujatia uzi kwenye sindano.

Poplini imefumwa kwa nyuzi za mtande zinazokwenda na urefu wa jora na nyuzi za mshindio zinazozikata kwa pembe mraba. Ukiivuta kwa kufuata mtande haiongezeki karibu chochote, na kwa kufuata mshindio inaongezeka kidogo sana. Ukiivuta kwa mshazari, mambo hubadilika: nyuzi zenyewe hazirefuki, ila vijimraba vidogo vilivyo kati yake hulala upande, na kitambaa kizima hurefuka huku kikipungua upana. Sasa iwazie shingo yako ya mbele kama nusu ya chini ya saa ya ukutani. Penye namba 6, katikati ya kifua, ukingo unafuata mshindio. Penye 3 na 9, karibu na mabega, unafuata mtande. Lakini kati ya 4 na 5, na kati ya 7 na 8, ukingo unazikata nyuzi kwa mshazari, na hapo hakuna kitu kinachoushika. Sentimita 3 zilizoongezeka hazikugawanyika sawasawa kuzunguka shingo. Karibu zote zimekaa kwenye vipande hivyo viwili. Unaweza kuhakikisha mwenyewe kwa kuilaza blauzi mezani juu ya pateni ya karatasi: utaona katikati ya kifua na mabega yanalingana na karatasi vizuri, na mawimbi yanaanza palepale penye mshazari.

Ulipokata shingo kwanza uliufungua ukingo huo, kisha ukauweka kwenye ringi, ambayo kazi yake ni kuvuta kitambaa pande zote. Sehemu za mshazari zilivutika zaidi kuliko nyingine, nawe ukadarizi juu ya kitambaa kilichokwisha kurefuka. Ringi ilipotoka, kitambaa kilitaka kurudi mahali pake lakini nafasi ilikuwa imekwisha kujazwa. Hapa watu wengi husahau kwamba uzi una unene. Kila tundu la mnyororo huingiza uzi katikati ya nyuzi za kitambaa na kuzisukuma mbali kidogo, na mnyororo uliopigwa kwa karibu kwa urefu wote wa shingo husukuma kwa kiasi kinachoonekana kwa futi.

Mnyororo una tatizo la pili. Umeundwa kwa matundu yanayoshikana, na tundu likivutwa hujinyoosha: linapungua upana na kuongezeka urefu. Kwa hiyo mstari wa mnyororo hurefuka pamoja na kitambaa badala ya kukizuia. Ni mshono mzuri kwa urembo na sina neno juu ya sura yake, ila usiutegemee kuishika shingo, hata ukiupiga mistari mitatu.

Blauzi ya pili iliharibika kwa sababu tofauti. Kukaza uzi hakuongezi nguvu ya mshono. Kunafupisha njia ambayo uzi unapita, na kitambaa kilicho kati ya pointi mbili hakina pa kwenda isipokuwa kuinuka. Angalia tofauti ya bandi na bakia. Bandi ndiyo mishono tunayoitumia tunapotaka kukusanya marinda, kwa sababu uzi wake huteleza kwa uhuru tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho. Ukivuta mwishoni, mstari wote unakunjamana. Bakia hurudi nyuma katika kila hatua, na kila kishono hufungwa na kile kinachofuata, hivyo mvuto wa mahali pamoja hausafiri kwenda mbali. Ndiyo maana bakia hufaa kuushika ukingo na bandi haifai, ingawa ukitazama kwa upande wa juu tu unaweza kudhani zinafanana. Kipimo changu cha mkazo ni hiki: uzi uvutwe hadi ulale juu ya kitambaa, basi. Ukipitisha ncha ya sindano butu chini ya kishono, ipite bila kukinyanyua kitambaa. Ikikinyanyua, umekaza.

Kuhusu kitambaa cha gundi, wenzako hawakukosea kabisa, lakini ushauri wao una masharti. Gundi hushika kitambaa katika hali iliyokikuta. Ukiibandika juu ya shingo iliyofikia sentimita 37, itaganda kwenye 37 na hutaweza kuirudisha. Ikiwa ni ngumu, poplini nyepesi itaonyesha mstari mahali inapoishia, sindano itapita kwa shida, na pasi au maji ya moto yanaweza kuifanya iachie sehemu na kuacha mapovu. Mimi huitumia ikiwa nyepesi, na huiweka kwenye kitambaa cha ndani cha kugeuzia shingo, siyo nyuma ya nakshi. Nyuma ya nakshi napendelea bitana ya melimeli au bafta nyembamba, kwa sababu ni pamba juu ya pamba, inalainika pamoja na blauzi na inabaki ndani maisha yote. Ukipata nafasi ya kuitazama kanzu ya zamani iliyodariziwa shingoni kwa mkono, igeuze uone upande wa ndani: mara nyingi nakshi imepita kwenye tabaka zaidi ya moja, na hicho ndicho kinachoifanya shingo ikae wima bila kuvutika. Nakshi ya rangi ya damu ya mzee inayozunguka shingo za kanzu za Uganda iko mahali palepale penye udhaifu niliokueleza, kwa hiyo waliotutangulia walijua kwamba pambo na mshiko vinaweza kukaa pamoja.

Sasa tuishone shingo yako. Fua poplini na bitana kwa maji ya joto atakalotumia mteja, kausha na upige pasi, ili kusinyaa kokote kwa kitambaa kutokee sasa. Loweka pia uzi utakaolazwa, ukauke bila kuvutwa; uzi wa pamba unaosinyaa baada ya kushonwa utaikunja shingo katika kufua kwa kwanza, na utalaumu mkono wako bure. Rangi nyekundu na nyeusi zijaribu kwa kuzisugua juu ya kitambaa cheupe chenye unyevu. Kata kipande cha mraba cha poplini, kikubwa kuliko kifua cha mbele kwa sentimita 8 au 10 kila upande, wala usikate shingo. Chora pateni yote juu yake ukihakikisha mstari wa katikati unafuata uzi wa mtande, kisha pitia mstari wa mshono wa shingo kwa bandi ya uzi wa rangi nyingine. Shingo sasa ipo, inaonekana pande zote mbili, lakini kitambaa kilicho ndani ya duara bado kipo na kinaushika ukingo. Hatua hii moja inaondoa zaidi ya nusu ya matatizo yako.

Weka bitana chini, nyuzi zake zikielekea sawa na za poplini. Usiiweke mshazari kwa kudhani itakaa vizuri kwenye mviringo, maana utakuwa umeongeza kitu kingine kinachovutika. Ishikize kwa bandi ukianzia katikati na kutoka nje kama miale, ukiwa umelaza vyote mezani. Kisha piga mstari mmoja wa bakia kwa uzi wa kawaida wa kushonea, vishono vya milimita 2 hadi 3, upande wa nafasi ya mshono, milimita 3 kutoka kwenye mstari wa shingo. Anza begani ushuke hadi katikati, kisha anza bega la pili ushuke vilevile. Mstari huu hautaonekana kamwe, na ndio ngao ya kwanza.

Ngao ya pili ndiyo pambo lenyewe. Chora mstari sambamba na shingo, milimita 6 kutoka mstari wa mshono kuelekea kifuani. Mstari huu hauna urefu wa sentimita 34. Kila unavyosogea mbali na tundu la shingo, mviringo unapanuka. Kwa shingo ya mbele inayozunguka nusu duara, milimita 6 zinaongeza karibu sentimita 2, kwa hiyo tarajia kama 36. Upime kwenye pateni ya karatasi, siyo kwenye kitambaa, kwa kuisimamisha futi kwa ukingo wake na kuizungusha polepole juu ya mstari. Nimeona watu wakikata uzi kwa urefu wa shingo na kuulazimisha ufike upande wa pili, na hapo ndipo shingo inapokunjamana licha ya kila tahadhari nyingine.

Chagua uzi wa pamba uliosokotwa, ule wa kung'aa wa namba 5, au nyuzi zote 6 za uzi wa kudarizi. Uzi wa kufumia sweta usiutumie hapa, kwa sababu unavutika, na tunautaka huu uwe utepe usiorefuka. Unyooshe mezani bila kuuvuta, na uweke alama ya kalamu inayofutika kwa maji mwanzoni, kisha kila baada ya sentimita 9: kwenye 9, 18, 27 na 36, ukiacha sentimita 5 za ziada kila mwisho. Weka alama hizo hizo kwenye mstari uliochora, ukizihamisha kutoka kwenye karatasi. Sasa alama ikutane na alama, na kila moja ibanwe kwa kishono kimoja cha muda. Kabla hujaendelea tazama kipande kati ya alama mbili. Uzi ukikaa vizuri juu ya mstari, uko salama. Kitambaa kikiwa na wimbi chini ya uzi ulionyooka, kitambaa kimevutika. Kilaze upya kwa kiganja. Uzi ukizidi na kufanya kitanzi, mstari wa kitambaa umefupika, na huenda bitana imekunjika chini yake.

Baada ya hapo bana uzi kwa uzi mmoja tu uliotolewa kwenye nyuzi sita, sindano ya kudarizia namba 9. Toa sindano upande mmoja wa uzi uliolazwa, uvuke juu yake kwa pembe mraba, ushuke upande wa pili, bila kuutoboa. Vishono viwe milimita 5 kwa umbali, na penye mshazari uvikaribishe hadi 3 au 4. Umbali ukizidi 5, hereni na mikufu itaunasa uzi na kuuinua. Ukibana kwa nguvu, uzi unaingia tumbo na kufanya vifundo kama shanga. Baadhi ya watu hupenda sura hiyo, lakini kila bonde linakula urefu, na ukifika mwisho utakuta uzi haufikii alama ya 36. Mabegani pitisha miisho upande wa nyuma ndani ya nafasi ya mshono na uifunge kwa bakia chache. Mshono wa bega utakapopigwa utaikamata, na hapo uzi unakuwa umefungwa pande zote mbili. Kazi hii yote huifanya mezani, bila ringi, kitambaa kikiwa kimelala.

Kwa nini uzi huu unashika wakati mnyororo hukubali kuvutwa? Kwa sababu uzi uliolazwa hauna matundu ya kujinyoosha wala haupandi na kushuka kwenye kitambaa. Umenyooka tangu bega hadi bega. Kitambaa kikitaka kurefuka, kinalazimika kuurefusha uzi wenyewe, na pamba iliyosokotwa haikubali. Lakini jambo hili lina upande wa pili ambao ni lazima umwambie mteja: shingo hiyo haitatoa hata nusu sentimita wakati wa kuvaa. Mbele 34 na nyuma tuseme 21 ni 55, na vichwa vya watu wazima wengi huzidi hapo. Pima kichwa kwa futi juu ya nyusi, na ikihitajika acha mpasuo wa nyuma wenye kifungo kimoja.

Mapambo mengine sasa yaje pembeni ya mstari huo, na kanuni yake ni ya mwelekeo. Mishono inayokwenda sambamba na shingo huvuta au kusukuma urefu wa shingo. Mishono inayoikata shingo huvuta kuelekea kifuani, na huko kitambaa kina nafasi ya kujirekebisha. Majani yako ya kujaza yaelekeze hivyo: jani linaweza kulala kwa namna yoyote kwa macho, lakini vishono vinavyolijaza visifuate ukingo wa shingo. Kila kishono kisizidi milimita 7 au 8, maana kirefu zaidi hunasa na kuvuta. Jani likiwa kubwa, ligawanye kwa mshipa wa kati. Kwa majani ringi inafaa, ilimradi umezungushia utepe wa pamba kwenye ringi ya ndani, umevuta kitambaa kwa kufuata nyuzi tu, bila kuvuta pembeni kwa mshazari, na unaitoa kila unapopumzika. Kitambaa kiwe kimenyooka, kisiwe kimekazwa kama ngoma.

Ukitaka kitu chenye upana na wepesi, mshono wa unyoya, ule unaokwenda kushoto na kulia kwa zamu, ni rafiki wa mviringo. Matawi yake hufunguka upande wa nje na kukaribiana upande wa ndani bila kulazimishwa, na hujaza kidogo sana. Vifundo vidogo pia havina madhara kwa sababu kila kimoja kinasimama peke yake. Ila usiubebe uzi nyuma kutoka kifundo hadi kifundo kwa zaidi ya sentimita moja, kwani uzi huo wa nyuma nao ni mshono, na ukikazwa unakunja. Mnyororo unaoupenda unaweza kurudi, mstari mmoja, chini ya uzi uliolazwa, matundu ya milimita 4 yaliyolegea kidogo. Sasa hauna kazi ya kushika, na urembo wake unatosha.

Mshono wa blanketi watu huniuliza sana, kwa kuwa unakaa kwenye ukingo wenyewe. Unafaa pale ambapo shingo imekwisha kugeuzwa na kupigwa pasi, ili kuulinda ukingo usisuguliwe. Miguu yake inakata shingo, ambayo ni heri, na uzi wa ukingoni una matundu, kwa hiyo hauzuii kuvutika. Uutumie kama ulinzi na pambo, miguu ya milimita 5 kwa umbali wa 4, na uzi wa ukingoni ulale tu. Ukiukaza, ukingo utajiviringisha kuelekea ndani na utaonekana kama kamba.

Kabla ya kugusa blauzi ya mteja fanya kipande cha majaribio. Chora mstari wa sentimita 10 kwa mshazari kamili kwenye kipande cha poplini hiyo hiyo chenye bitana hiyo hiyo, udarizi pambo lako lote juu yake, kisha kitoe, kipumzike, kipige pasi na upime. Tofauti ya milimita 1 si neno. Ukikuta 9.6, unakaza uzi au umetumia nyuzi nyingi. Ukikuta 10.4, umeuvuta mshazari kwenye ringi au umejaza kwa msongamano. Kwenye shingo nzima makosa hayo huongezeka, ndiyo sababu milimita 4 za mezani zinakuwa sentimita kifuani. Jaribio hili linakuambia pia ni upande gani umekosea, jambo ambalo macho peke yake hayasemi, kwa kuwa shingo iliyorefuka na shingo iliyofupika zote huonyesha mawimbi. Ishara nyingine ni mahali mawimbi yalipo: yakiwa ukingoni na nakshi imelala sawa, ukingo ni mrefu, ukingo ukiwa umelala na mawimbi yakiwa yameotea chini ya nakshi, nakshi imevuta.

Nakshi ikimalizika, ilaze kifudifudi juu ya taulo nene na uikandamize kwa pasi yenye mvuke, ukiinua na kushusha bila kuisukuma. Iache ipoe mahali pake. Weka tena pateni ya karatasi juu yake. Mstari wa bandi ukilingana na karatasi, ndipo ukate, ukiacha sentimita 1 ya nafasi ya mshono. Pamoja na kitambaa cha kugeuzia, shona kwenye mstari, punguza nafasi hadi milimita 5 au 6, na ukate vijipengo vya mviringo bila kuivuka bakia ile ya kwanza. Kabla ya kugeuza kabisa, piga bakia ndogo sana kwa mkono inayoshika kitambaa cha kugeuzia na nafasi ya mshono pekee, ili kitambaa cha ndani kisichungulie nje. Punguza pia bitana hadi sentimita moja chini ya nakshi, ukingo wake uukate kwa mawimbi ya zigizaga usije ukajichora kwa mbele.

Blauzi mbili ulizo nazo hazilingani kwa tumaini. Ile iliyokunjamana inaokoka mara nyingi. Tazama nyuma, tafuta nyuzi zilizobebwa kwa kukazwa, zikate moja moja na ufunge miisho. Kisha loweka na uipige pasi ikiwa na unyevu. Ikibaki na mikunjo, fumua vipande vya mshazari tu, vya pande zote mbili, uvipige upya. Ile ya 37 ni ngumu. Ziada ya chini ya sentimita 1 ningeirudisha kwa kufungua kitambaa cha kugeuzia, kupitisha bandi kwenye nafasi ya mshono, kuivuta hadi 34, na kuikandamiza kwa mvuke, kisha kuishikilia kwa utepe mwembamba uliokatwa kwa urefu wa jora. Sentimita 3 poplini haitazimeza, kwa sababu si kitambaa kinachokubali kukusanywa kama sufu. Unaweza kufumua mnyororo wote, kuifua na kuona imerudi kiasi gani. Ikibaki zaidi ya 35, ni afadhali kuichimba shingo upya iwe pana zaidi, kwa kukata sehemu iliyoharibika, na kudarizi upya baada ya kuweka bitana, iwapo mteja anakubali shingo ya wazi zaidi. Mwambie kabla hujashika mkasi.

Kuna kazi ambazo hupaswi kuziamua kwa maandishi yangu. Poplini iliyofumuliwa mara mbili huanza kuonyesha matundu na nyuzi zilizochoka, na mtu anayeishika ndiye anayeweza kusema kama itahimili mara ya tatu. Hariri, satini na shifoni huteleza kwa namna ambayo vipimo vya hapa havitoshi. Na kama mabega ya blauzi yenyewe yamevutika pamoja na shingo, au kifua cha mteja kinaifanya shingo isimame hata kabla ya nakshi, tatizo liko kwenye mkato, na hakuna uzi wa kulazwa utakaolitibu. Katika hali hizo peleka blauzi pamoja na pateni yake kwa fundi wa mikato aliye karibu nawe, na mteja awepo aivae mbele yake, kwa kuwa fundi ataangalia kwanza kama shingo inasimama kwa sababu ya kitambaa au kwa sababu ya mwili.